Siku Wanafunzi Waliponisaili

Wanafunzi wa umeme wa mwaka wa mwisho walikuwa wamejaa ukumbini, chuoni kwetu Changamwe, feni zikizunguka bila kuleta upepo. Mimi ndimi mwalimu wa ushauri wa kazi. Kila mwaka, kabla hawajatawanyika, huwaeleza usaili wa kwanza ulivyo.

Nilianza vizuri. Nikawaambia wabebe vyeti halisi pamoja na nakala, na wasome tangazo mpaka wajue kampuni inafanya nini.

"Mkiambiwa mjieleze, msianze na mlikozaliwa," nikasema. "Tajeni mlichosomea, mlikofanyia mafunzo kazini, na kitu mlichokitengeneza kwa mikono yenu. Na mkiulizwa kama kazi mnaiweza, msijibu 'nitajaribu inshallah.' Inshallah iacheni moyoni. Mdomoni semeni mnachokijua."

Wakacheka. Msichana mmoja wa Magogoni, mtu wa kukaa nyuma na kunyamaza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Wewe ulisailiwa lini mara ya mwisho?"

"Zamani, mwanangu."

"Basi tukusaili sasa."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Kufumba na kufumbua nikajikuta nimekalia kiti cha plastiki, yeye na wenzake wawili wamenikabili nyuma ya meza, nyuso zimekazwa kama mabosi wa kweli.

"Udhaifu wako ni upi?" akaniuliza.

Nikajibu kama nilivyozoea kufundisha: "Najituma kupita kiasi."

"Huo si udhaifu, mwalimu, ni kujisifu. Tuambie wa kweli."

Nikatazama zile nyuso, nikasema, "Naongea sana. Siku hizi naandika mambo matatu tu kwenye karatasi, nikiyamaliza naketi."

"Leo hiyo karatasi iko wapi?"

"Nimeisahau nyumbani."

Walicheka hadi wengine wakainamia meza. Lakini tangu hapo hotuba yangu iliisha, yakaanza mazoezi. Walisailiana wawili wawili mpaka mlinzi akaja kufunga mlango.

Wiki chache baadaye yule msichana alinijia ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ehe, ilikuwaje?"

Alikuwa ametoka usaili wa kiwandani. Maswali yalikuwa machache, akaniambia, kisha wakampeleka karakana na kumwonyesha soketi iliyokufa. Mwenzake aliyetangulia alichukua bisibisi na kuanza kufungua papo hapo, wakamzuia. Yeye akauliza kwanza swichi kuu iko wapi, akaizima, akaifunga kwa kufuli mtu asije akaiwasha, akapima kuhakikisha umeme haupo, ndipo akagusa.

"Na udhaifu walikuuliza?"

"Waliuliza. Nikasema huwa naogopa kuongea mbele ya watu, ila majuzi nilimsaili mwalimu wangu."

"Wakasemaje?"

"Walicheka, mwalimu. Naanza Jumatatu."

Nilimshika mkono nikautikisa mpaka akaomba nimwachie.