Karatasi Isiyoandikwa

Nlikuwa nkipika kahawa kwenye kampuni moja ya vipuri, mtaani Hamriya, na mwanangu wa kike alikuwa mhandisi wa kompyuta hapo hapo. Kamati ya mifumo ya kompyuta ikikutana, kila uamuzi huandikiwa karatasi yake: wamechagua nini, kwa nini, na nini wamekikataa. Uamuzi ukibadilika, ya zamani haichanwi. Huandikwa mpya inayosema imeitengua ile.

Karatasi iliyokuwapo ilisema maghala yote yatumie mfumo mmoja. Siku moja kikaoni mkurugenzi, finjani mkononi, akamwambia mwanangu, "Binti yangu, ghala la bandarini liwekee mfumo wake. Karatasi tutaandika kesho, inshallah." Wajumbe wote wakaitikia. Nani angemdai mtu mzima karatasi?

Miaka ikapita, mifumo miwili ikawa haielewani, vipuri vimo ghalani na kompyuta inasema havipo. Kamati mpya ikafungua jalada, ikakuta karatasi ile ile ya mfumo mmoja, ikamuuliza mwanangu nani kamwamuru kuweka wa pili. Mkurugenzi akasema hakumbuki kitu.

Nkasema, "Mie nlikuwepo. Waloitikia nnawajua kwa majina, mmoja mmoja."

Mwenyekiti akanambia kwa upole, "Bibi, wewe ni mama yake."

Mwanangu alifukuzwa. Mkurugenzi nlimmiminia kahawa mpaka nlipostaafu.