Tangazo la Miche ya Parachichi

Jirani yangu wa Diepsloot, kitongoji chetu huku kusini mwa Afrika, mtu wa Tanga kama mimi, anauza miche ya matunda. Aliniomba maneno ya kuweka chini ya picha. Niliandika kwa madaha ya msomi: "Parachichi, aina za Hass na Fuerte, randi 180. Malimau 120. Pandeni masika, mwezi wa tatu." Akatuma bila kusoma.

Mwezi wa saba mjane wa Kikongo aliurudisha mche wake, umeunguzwa na baridi. Alikuwa ameupanda kumkumbuka mumewe.

"Profesa wetu kaandika majira ya Tanga, mama; huku mwezi wa tatu baridi iko mlangoni," jirani alisema. "Nitakupa mwingine mwezi wa tisa, baridi ikipita."

"Mwingine wa nini? Wa marehemu ni huu."

Nilisahihisha tangazo mbele ya mjane. Aliondoka akiukumbatia mche mkavu.