Sifuri ya Biskuti Mbili

Kiwandani walimwita Lenzi, kwa sababu ya kioo cha kukuzia maandishi kilichoning'inia shingoni mwake kutwa. Hakuna karatasi ya biskuti wala kopo la majarini lililokwenda kuchapishwa bila sahihi yake, miaka kumi na tisa sasa. Mdomo nao alikuwa nao, usimwone mpole.

Asubuhi hiyo alianza na kopo la majarini. Mbele, kwa herufi zilizovimba: HAINA KOLESTEROLI.

"Kwani mafuta ya mimea yalikuwa nayo lini?" alifoka peke yake.

Akaligeuza. Viungo: mafuta ya mimea. Mimea gani? Akapekua fomula, kumbe ni mawese, karibu yote. Ndiyo maana mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha kolesteroli mwilini, yalikuwa gramu thelathini na nane katika kila mia, na mstari wenyewe wameubana chini kabisa, herufi za sisimizi. Akaandika kwa wino mwekundu kwenye karatasi ya ukaguzi, "Taja mawese," akaisukuma pembeni.

Ikafuata biskuti, pakiti mpya ya familia. Mafuta ya transi, yale mabaya zaidi kwa moyo: sifuri. Lenzi akashuka kwenye viungo, na hapo damu ikaanza kumchemka. Mafuta ya mimea yaliyogandishwa nusu kwa hidrojeni! Huko kugandisha nusu ndiko kunakozaa transi. Huwezi kuyakanda kwenye unga halafu ukatoka na sifuri, jamani.

Akavuta cheti cha maabara. Transi gramu mbili na nukta nane katika kila gramu mia za biskuti. Akarudi kwenye jedwali: "Kiasi cha mlo mmoja: biskuti mbili, gramu kumi na nne." Akabonyeza kikokotoo. Haikufika hata gramu sifuri nukta nne. Kanuni inasema kilicho chini ya nusu gramu kwa mlo kiandikwe sifuri. Zamani mlo ulikuwa biskuti nne, na kwa nne ingepita nusu. Basi wamekata mlo, transi ikayeyuka kwenye karatasi, tumboni iko palepale.

Hakubisha hodi kwa meneja wa masoko.

"Nani anakula biskuti mbili?" alimuuliza. "Wewe unakula mbili?"

"Mama, punguza jazba. Kanuni inaruhusu."

"Kanuni inaruhusu kuandika sifuri. Haikukutuma ukate mlo ili uipate! Hiki ni kiini macho."

Meneja hakupandisha sauti. Akafungua faili, akamgeuzia ukurasa. "Kwenye pakiti ndogo tulishafanya hivihivi, miezi minane iliyopita. Hii si sahihi yako?"

Ilikuwa yake. Hata ule mkia wa mwisho, ulikuwa wake. Akakumbuka alivyokagua: chini ya nusu, sifuri, sawa, saini. Kiasi cha mlo hakukitazama hata mara moja, kwa sababu mstari huo hupangwa na watu wa masoko, na yeye alizoea kuhakikisha tu kwamba namba inafuata kanuni.

Miezi minane. Ni miezi hiyohiyo tangu mumewe atoke hospitali na moyo mbovu. Daktari alimwambia apunguze mafuta yaliyoshiba, na transi asiiguse kabisa. Lenzi mwenyewe alizitupa biskuti za mawese zilizokuwa nyumbani, akaanza kumletea hizi za sifuri, zile pakiti ndogo wanazogawiwa wafanyakazi kila Ijumaa. Mzee anamaliza biskuti kumi na chai yake ya kila jioni. Karibu gramu mbili za transi kila siku ya Mungu.

"Sahihi yangu hupati," alisema. "Na ile ya pakiti ndogo naifuta kwa barua, leo hii, kwa mkurugenzi. Nitampa na cheti cha maabara."

"Atasaini mwingine, mama."

"Asaini! Lakini atasaini akijua."

Barua aliiandika, akaipeleka kwa mkono wake. Jioni aliingia nyumbani bila hata kuvua viatu. Mumewe alikuwa mezani, kikombe mbele yake, pakiti imefunguliwa. Akamnyang'anya biskuti mkononi.

"Ala! Mama watoto, vipi tena?"

Akamwaga yote. Meneja mwizi, watu wa masoko wezi, mlo wa biskuti mbili, sifuri ya uongo. Alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Mumewe alisikiliza, kisha akavaa miwani, akaisoma pakiti polepole, mstari kwa mstari.

"Hawa watu hawana haya," akasema. "Sasa huko kwenu hakuna mtu anayeyakagua haya kabla hayajatoka?"

Hasira yote ikamwishia mdomoni. Akavuta kiti, akakaa.

"Yupo," alisema. "Ni mimi. Nilisaini."

Mzee alivua miwani. Akaitazama ile pakiti, akamtazama mkewe.

"Miezi yote minane?"