Bohari Isiyopungukiwa

Miaka miwili nilisoma kwa posta masomo ya ununuzi na ugavi, mchana nikiwa karani katika bohari ya dawa, mtaa wa Malindi, kisiwani kwetu. Mkubwa wetu alikuwa karibu kustaafu, nami nilikuwa nikiutaka ukubwa wa bohari, na tangazo la kazi lilisema wazi kuwa mwenye cheti atatangulizwa. Nikapasi. Nilijiona nshafika.

Bohari ilikuwa na vyumba viwili: changu cha bandeji na pamba, na cha mwenzangu cha dawa za maji. Desturi ya hapo ilikuwa kuagiza rafu ikishakuwa tupu. Mie nikafuata nilichosoma. Hospitali ikitumia maboksi kumi ya bandeji kwa wiki, na meli ikichukua wiki kumi na mbili tangu tuandike oda, basi yakibaki mia na ishirini pamoja na akiba kidogo, naagiza. Niliandika kiwango hicho juu ya kila kadi ya hesabu ya mali. Chumba changu hakikuishiwa hata siku moja.

Cha mwenzangu kiliishiwa kila mara. Lakini kilipoishiwa, alikuwa hodari wa vishindo! Alipiga simu Dar es Salaam, alipanda ndege, alirudi na katoni begani, jasho likimtiririka, na mkubwa wetu akampokea mlangoni kama aliyetoka vitani. Bei ya dharura hakuna aliyeiuliza. Mie niliyekuwa nimekaa na kadi zangu nilionekana mvivu.

Siku ya usaili tuliitwa mmoja mmoja, mie na mwenzangu, mbele ya wazee watatu wa kamati. Nilitoa cheti changu. Mmoja akakitazama, akakirudisha mezani.

"Ndugu, tueleze upungufu mkubwa uliowahi kuutatua."

"Hakujawa na upungufu chumbani mwangu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Naagiza kabla haujafika."

Wakatazamana. Yule wa kati akacheka. "Basi wewe hukuwa na kazi, bwana."

Nilitaka kumwambia kuwa kazi yenyewe ndiyo hiyo, kwamba kila safari ile ya ndege ilikuwa kosa la mtu aliyeshindwa kuhesabu wiki. Badala yake nilisema ahsante, nikatoka, na njia nzima mpaka nyumbani Ng'ambo nilikuwa nikiyajibu maswali yao kwa sauti, watu wakinipisha.

Baada ya wiki mbili barua zilikuja. Ya mwenzangu ilimpa ukubwa wa bohari, kwa juhudi zake wakati wa dharura. Yangu ilikuwa fupi zaidi. Ilinipongeza kwa cheti, ikaniagiza nibaki nilipo, na nimfundishe mkubwa wangu mpya namna ya kuagiza mali.

Alikuja asubuhi ile ile na daftari jipya. "Haya, nifundishe, mwenzangu," akasema, kwa upole kabisa.

Nilimfundisha. Nilikuwa na watoto wa kulisha. Lakini hasira niliyokuwa nayo, nikimtazama akiandika, sijaimaliza mpaka leo.