Shoki Zilizopakwa Rangi

Mama aliyeuza mayai huko Waithaka alirudisha pikapu yake gereji siku ya tatu tangu tuitengeneze. Trei nne zilikuwa zimevunjika akipeleka mzigo Kitisuru. Alisema mbele gari linatulia, lakini nyuma linadunda bila kukoma, na kwenye kona ya vumbi linaruka pembeni.

Mzee mwenye gereji, aliyenifundisha kazi, alimjibu kwamba anaendesha vibaya. Kisha akaniagiza nimweleze huyo mama hivyo hivyo. Hilo liliniudhi, maana kosa nililijua.

Mbele ya pikapu ile kila gurudumu lilikuwa na mikono yake ya chuma na springi ya koili, ile iliyozungushwa duara, kwa hiyo gurudumu moja likiingia shimoni, la pili halisumbuki sana. Nyuma kulikuwa na ekseli moja nzima, mhimili unaounganisha magurudumu mawili, imekaa juu ya springi za majani, vile vyuma vipana vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Majani hayo hubeba mzigo na pia huishika ekseli isihame, kazi ambayo koili haiwezi bila mikono. Ubaya ni kwamba gurudumu moja likirushwa, la upande wa pili linainama nalo.

Mzee alikuwa ameongeza majani mawili kila upande, eti mayai yakae vizuri. Trei za mayai si mawe. Springi ikawa ngumu kupita kiasi kwa mzigo mwepesi. Na shoki, mitungi ya mafuta inayozuia springi isiendelee kudunda, hazikuwa mpya kama alivyoambiwa mama. Mimi mwenyewe ndiye niliyezipaka rangi nyeusi. Mzee alisema ni ya kuzuia kutu, nami nikaendelea kupaka.

Nilipanda kwenye bampa ya nyuma, nikaikandamiza, nikaruka chini. Pikapu ilipanda na kushuka mara nne. Nikafungua shoki moja, nikaisukuma kwa mkono mbele ya mama. Ikaingia bila ukinzani wowote, na mafuta yakanichafua vidole pamoja na rangi yangu.

"Hii ni ya zamani," nikamwambia. "Mimi ndiye niliipaka."

Mzee akaniita mwizi wa wateja. Mama hakumtazama hata kidogo. Alinikazia macho mimi.

"Na ulijua wakati unapaka?"

"Nilishuku."

"Basi nyinyi wawili ni kitu kimoja."

Alivuta kiti akakaa langoni, akasema haondoki. Tulitoa majani ya ziada, tukafunga shoki mpya, nilizozitoa mimi mwenyewe kwenye karatasi zake mbele yake. Nikakandamiza tena: ikashuka, ikapanda mara moja, ikatulia.

Jioni hiyo nilifukuzwa. Nikatembea hadi Adams Arcade nimekunja ngumi mfukoni. Mzee nilimlaani njia nzima, lakini maneno ya yule mama ndiyo yaliyonichoma.