Nilivyonawa Kabla ya Baba Mkwe

Naomba msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimeikalia miaka mitatu, na mke wangu ameshaanza kuihadithia kwenye misiba, basi bora niiseme mwenyewe mambo yasije yakaongezwa chumvi.

Nilikuwa mwalimu mgeni Kasulu (kwetu ni Dar, na kwetu kila mtu na sahani yake), nikampenda Jeska, binti wa Kibondo, ikafika siku ya kupeleka barua ya posa. Mshenga wangu alikuwa Mwalimu Filbati, Muha wa hukohuko. Sasa mimi, kwa akili zangu, nikaona mchumba akila sana ukweni ataitwa mlafi, kwa hiyo stendi ya Kasulu, kabla basi halijaondoka, nikajipiga chipsi mayai sahani nzima na soda juu. Filbati akaniuliza, "Huko tuendako huli?" Nikamwambia nitaonja kwa adabu. Kosa langu lote lilianzia kwenye sahani ile.

Tukapokelewa vizuri. Bahasha ikawekwa mezani, ikaachwa hapo bila kufunguliwa, chakula kwanza. Jeska akaingia na jagi na beseni, akapiga goti, akammiminia baba yake, Mzee Bukuru, kisha baba yake mdogo, kisha Filbati, kisha mimi. Likaja sinia moja la ugali wa muhogo unaofuka moshi, bakuli la maharage, na bakuli la kuku likakaa mbele ya Mzee. Jagi na beseni vikaachwa karibu na mlango.

Mzee akashukuru Mungu, akamega wa kwanza, nasi tukafuata, kila mtu upande wake, unafinyanga tonge, unalibonyeza kwa dole gumba liwe na shimo, unachota maharage, unapeleka kinywani. Kuku hakuguswa (nyama huwa ya mwisho, na anayegawa ni mzee). Ule ugali unavutika, na tumbo langu lilikuwa limejaa viazi. Tonge la nne likagoma kushuka. Nikasema kwa adabu, "Ahsanteni, nimeshiba," nikainuka, nikajimiminia maji mwenyewe, nikanawa. Kurudi, mguu ukagonga beseni, maji machafu yakaenda moja kwa moja kwenye kandambili za Mzee.

Nilidhani aibu ni maji. Kumbe mikono yote ilikuwa imesimama juu ya sinia. Baba mdogo alikuwa na tonge lake njiani, akalirudisha taratibu. Mzee akaomba maji, akanawa, wote wakanawa, Jeska akaitwa atoe chakula, na kuku wake mzima mzima, na jicho alilonitupia wakati anainama sijalisahau.

Filbati akaninong'oneza, "Hapa anayefungua mlo ni mzee na anayeufunga ni mzee. Wewe umewainua watu na njaa zao."

Baba mdogo akauliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, "Kijana, chakula chetu umekiona kina nini?"

Mzee akachukua ile bahasha, akairudisha upande wa Filbati. "Mwalimu, na hii tutaisoma siku nyingine."

Jamani, niliona mke anaondoka na sinia. Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti palepale penye maji. "Baba, nisamehe. Nilikula chipsi Kasulu nisionekane mlafi. Zilizonawa ni zile chipsi, mimi bado sijanawa."

Halafu kutoka jikoni wakaanza kucheka wanawake, mama mkwe akiwa wa kwanza, kisha baba mdogo akashindwa, mwisho Mzee mwenyewe mabega yakaanza kutikisika. "Jeska," akaita, "rudisha sinia. Na maji."

Safari hii nilimwacha Mzee anawe kwanza, nikanawa hadi viwiko, nikakaa. Nilikula, ndugu zangu. Nililegeza mkanda chini ya shati nikaendelea, na kila nilipopunguza kasi baba mdogo alikuwa ananisogezea kipande cha ugali upande wangu, mpaka sinia likaanza kuonyesha maua yake ya chini. Ndipo Mzee akavuta bakuli la kuku, akagawa, na firigisi, ambayo nyumba ile hakuna anayeila ila yeye, akaiweka mbele yangu. "Kula, mkwe." Bahasha ilikuwa bado haijafunguliwa, lakini jibu nilikuwa nalitafuna.

Chipsi sijagusa tena siku ya safari ya Kibondo, na sitagusa. Kila tukienda nafika na njaa yangu yote, nakaa upande wa kulia wa Mzee, na mikono yangu inabaki na ugali mpaka nisikie maji yakimwagika kwenye mikono yake.