Ukurasa wa Mbele Ulifunguka Vizuri

Nilitunza tovuti ambayo vituo vya afya vya Kabambare viliitumia kuomba damu kwenye hospitali yetu ya Kasongo. Programu ya kufuatilia tovuti ilifungua ukurasa wa mbele kila dakika tano kuona kama tovuti inafanya kazi, na simu yangu haikuwa imelia kunionya. Asubuhi moja nilisoma kumbukumbu za makosa za tovuti. Tangu jana yake hifadhidata inayopokea maombi ilikuwa imezimika, na maombi yote yalikuwa yamekataliwa, ingawa ukurasa wa mbele uliendelea kufunguka. Moja lilitoka kituo cha Wamaza, kwa mgonjwa aliyehitaji damu haraka. Nikampigia muuguzi wa huko.

“Mama, mgonjwa wako iko namna gani?”

“Iko muzima. Ndugu yake alimutolea damu.”

Siku ileile niliielekeza programu ile isiishie kufungua ukurasa wa mbele, bali ijaribu kutuma ombi la damu la majaribio, na likikataliwa, simu yangu ilie.